Kila Ijumaa Saa Nne Nilikuwa Hajati

Nimewahi kuwa watu wawili kwa wakati mmoja, na sikuhitaji mganga. Nilihitaji madirisha mawili ya kompyuta tu. Katika dirisha la kushoto nilikuwa mimi, mfanyakazi wa kampuni ndogo ya matangazo mjini Arua, Uganda. Katika dirisha la kulia nilikuwa Hajati, mwenye duka la vitambaa katika mji wa Koboko, mke wa askari mstaafu na mama wa watoto sita. Yule wa kushoto aliandika tangazo na kuomba idhini. Yule wa kulia akatoa idhini. Kazi hiyo ilinichukua dakika tano, kila Ijumaa saa nne asubuhi, nikiwa kwenye meza ileile na kikombe kilekile cha chai. Niliifanya kwa miezi saba, na muda wote huo nilijiona mtu mwema.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Tulikuwa watatu: bosi, dada mmoja mpiga picha, na mimi. Kazi yetu ilikuwa kuendesha kurasa za mitandao za watu wasio na muda au ujuzi wa kuziendesha: hoteli mbili, zahanati ya meno, shule ya masista, baa moja, wakala wa forodha kule mpakani Oraba, na wengine. Wateja kumi na mmoja kwa jumla. Mimi nilipewa wale waliotaka Kiswahili, kwa sababu nilisoma Tanzania miaka minne na Kiswahili changu hakikunukia kambi ya jeshi. Maneno hayo ni ya bosi. Baba yangu, aliyejifunza Kiswahili chake kambini na kurudi nacho kijijini kwetu Pajulu, angekuwa hai angemjibu vizuri.

Zamani, kabla sijaajiriwa, kila kitu kilikuwa kwenye rundo moja. Kurasa zote zilifunguliwa kwa simu moja ya bosi, na matangazo yote yalipangwa kwenye foleni moja. Jumapili moja, tangazo la bia mbili kwa bei ya moja lilitoka kwenye ukurasa wa shule ya masista. Mkuu wa shule alikuja ofisini kwa miguu, akakaa, akamtazama bosi kwa muda mrefu mpaka bosi akaanza kuungama dhambi ambazo hakuulizwa. Baada ya hapo ndipo alipolipia mfumo.

Nauita mfumo kwa kuwa sisi tuliuita hivyo. Ulikuwa mahali pamoja pa kazi, kama nyumba yenye vyumba kumi na moja. Kila mteja na chumba chake, na ndani ya chumba kurasa zake, picha zake na foleni yake mwenyewe yenye nafasi zake za siku na saa. Ukiwa chumba cha baa huwezi kuchapisha kwenye ukurasa wa masista hata ukitaka. Na kila mtu aliyeingia alipewa cheo. Bosi alikuwa msimamizi: yeye peke yake aliweza kuongeza mtu, kumtoa, au kumbadilishia cheo. Sisi wawili tulikuwa waandishi: tuliandika, tuliomba idhini, na foleni ikihitaji kusimamishwa tuliweza kuisimamisha. Kuidhinisha hatukuweza. Hiyo ilikuwa kazi ya mteja mwenyewe, aliyekuwa na cheo cha mwidhinishaji katika chumba chake tu. Andiko likishaidhinishwa linaingia kwenye foleni na kukamata nafasi ya kwanza iliyo wazi. Lisipoidhinishwa linakaa palepale hata mwaka.

Bosi aliupenda utaratibu huo kuliko alivyopenda wanadamu. "Aliyeandika hawezi kujiidhinisha," alituambia. "Na kila kitu kinaandikwa. Nani, lini, dakika gani." Kweli, kila chumba kilikuwa na kumbukumbu yake, orodha ndefu isiyofutika. Bosi alikuwa akiifungua jioni na kuisoma huku akitabasamu, jinsi watu wengine wanavyosoma ujumbe wa mapenzi.

Nilikwenda Koboko mwenyewe kumfundisha Hajati. Nilimkuta dukani katikati ya vitenge, mashuka na mapazia, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuagiza, na miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Wateja wake walitoka pande zote, wengine walivuka mpaka kutoka Kaya ya Sudan Kusini, wengine kutoka Kongo, na aliongea na kila mmoja kwa lugha yake. Hakuwa na barua pepe, nikamfungulia. Hakuwa na neno la siri, nikamtungia, nikaliandika kwenye kijikaratasi, akakitia ndani ya kifuniko cha simu. Nikamwonyesha: hapa unasoma, hapa unakubali, hapa unarudisha ukiwa na neno.

"Kama mimi sijabonyeza, hapana toka?" aliniuliza.

"Haitoki, Hajati."

"Hata bosi yako akitaka?"

"Hata bosi akitaka, lazima aanze kwa kubadilisha vyeo, na kumbukumbu itamwandika."

Alicheka kwa furaha. "Hii kitu iko mzuri. Inashinda mabwana."

Miezi miwili ya kwanza alikuwa mwidhinishaji kama hakuna mwingine. Alirudisha maandiko yangu bila huruma. Hii shuka si rangi hii, piga picha tena. Hii maneno ni ya watu ya shule, andika ya watu ya soko. Niliudhika, halafu nikaanza kuandika vizuri zaidi. Nikipita Koboko kwa kazi nyingine nilishuka kwake, nikala kwake. Aliniita mwanangu. Mumewe, mzee mwembamba aliyekuwa akisumbuliwa na sukari, alikaa mlangoni mwa duka na redio yake na kunisalimia kwa heshima ya kijeshi, kwa mkono paji la usoni, kila mara, nami kila mara nilicheka.

Kisha Hajati akachoka. Mzee alizidi kuumwa, mtandao wa Koboko ulikuwa wa kubahatisha, na macho yake hayakutaka tena maandishi madogo. Maandiko yakawa yanakaa bila kuidhinishwa, nafasi za foleni zikawa zinapita tupu, na bosi akawa ananiuliza kwa nini chumba cha Koboko kimelala. Nikampigia Hajati.

"Mwanangu, macho yangu iko choka," alisema. "Ile neno ya siri si wewe ulitunga? Basi fanya hivi. Kila Ijumaa asubuhi pigia mimi simu, somea mimi yote. Mimi nikisema ndiyo, wewe bonyeza kwa jina yangu. Nikisema hapana, toa."

Nilijua hairuhusiwi. Naandika hili waziwazi ili nisijifiche nyuma ya ujinga. Ilikuwa kwenye mkataba, ilikuwa kwenye mafunzo, ilikuwa mdomoni mwa bosi kila Jumatatu. Lakini niliona ni jambo la mtoto kumsaidia mama. Kwetu mtu akikwambia nishikie mtoto wangu, humwombi barua. Nikafungua dirisha la pili, nikaingia kwa jina lake.

Na mwanzoni nilipiga simu. Nilimsomea kila andiko, naye akasikiliza huku akipima kitambaa cha mtu, namsikia akisema yadi sita, kisha ndiyo, kisha hapana, hiyo toa. Ilikuwa idhini ya kweli, ila kidole tu kilikuwa changu. Lau ningeendelea hivyo, nisingekuwa na kitu cha kuandika leo.

Sijui ni Ijumaa gani niliyoacha kupiga. Huenda simu haikupatikana, nikasema aa, haya matatu najua atayakubali. Na akayakubali, maana nilipomwambia baadaye alisema sawa. Ijumaa iliyofuata nikaona ya nini kumsumbua. Baada ya mwezi simu hiyo ilishakufa, na hakuna aliyeizika. Hajati hakuuliza kwa sababu aliniamini. Mimi sikupiga kwa sababu nilizoea. Hayo mawili yakikutana, mtu wa tatu huumia, ila kwetu tulikuwa wawili tu, kwa hiyo aliyeumia alikuwa mmoja wetu.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonitia haya kuliko yote. Bosi aliposoma kumbukumbu za Koboko aliona Hajati anaidhinisha kila kitu, kila wiki, ndani ya dakika chache. Akasema, "Huyu mama siku hizi harudishi kitu. Anasoma kweli?" Nikaogopa. Ijumaa iliyofuata niliandika tangazo la mapazia, nikahamia dirisha la kulia, nikalirudisha kwa jina la Hajati na maneno haya: picha hii giza, tafuta nyingine. Nikarudi kushoto, nikabadilisha picha, nikaomba idhini tena. Tangu hapo nilifanya hivyo mara moja kila mwezi, kwa Kiswahili chake, na nilijisifu moyoni kwa jinsi nilivyokiigiza vizuri. Bosi alifurahi. Akawa anawatajia wateja wengine: kuna mama mmoja Koboko, mkimwona mtafikiri hajui kompyuta, lakini hakuna mwidhinishaji makini kama yeye.

Mzee alifariki Ijumaa, alfajiri.

Mimi sikujua. Saa nne asubuhi niliweka chai mezani, nikafungua madirisha yangu mawili. Kulikuwa na maandiko manne. La kwanza lilikuwa picha ya mashuka meupe yaliyopangwa kitandani, na maneno niliyoyatunga nikiona ni mazuri sana: Bibi harusi, usiingie nyumba mpya na shuka kuukuu. Furaha yako inaanzia hapa. Nikaweka na vijipicha viwili vya ngoma mwishoni. Nikaomba idhini katika dirisha la kushoto. Nikajipa mwenyewe katika dirisha la kulia. Nafasi ya kwanza iliyokuwa wazi katika foleni ya Koboko ilikuwa siku hiyohiyo, saa sita na nusu mchana.

Saa sita na nusu walikuwa wakimkafini.

Niliipata habari saa saba, kwa redio ya duka la mabati, wakati wa matangazo ya vifo. Nilikuwa nashuka ngazi kwenda kula. Nikasikia jina la marehemu, cheo chake cha jeshi, jina la mkewe, na kwamba mazishi ni leo baada ya sala ya Ijumaa. Sikumbuki kupanda ngazi. Nakumbuka tu mkono wangu ukiipapasa kompyuta. Nilisimamisha foleni ya Koboko, nikaingia kwenye ukurasa wenyewe, nikalifuta lile tangazo. Chini yake tayari kulikuwa na watu. Mmoja alikuwa ameandika: Hata aibu hamna? Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikwisha kupigwa picha na kutumwa kwenye simu za ukoo mzima.

Pale mazishini, watu walipokuwa bado na udongo mikononi, simu ilipita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Siku ndugu yao anavikwa sanda nyeupe, mkewe anauza mashuka meupe ya harusi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na hivyo ndivyo ilivyofika Arua jioni ile, kwa mdomo wa kaka mkubwa wa marehemu, aliyempigia bosi na kumtaka afike mwenyewe kwenye kisomo cha siku ya tatu aeleze nani alifanya jambo lile.

Jumatatu tulikwenda kwa gari la bosi. Saa nzima njiani alikuwa mtulivu kupita kiasi. Kwenye kiti cha nyuma alilaza bahasha, na ndani ya bahasha karatasi moja. "Usiwe na wasiwasi," aliniambia. "Kampuni iko safi. Na wewe uko safi kuliko wote." Nilijua kilichomo ndani ya karatasi ile. Nilikuwa na saa nzima ya kumwambia. Nilitazama mihogo ya watu kando ya barabara, nikafungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nilichosema ni kwamba jua ni kali.

Kwa Hajati wanaume walikaa uani kwenye mikeka na viti vya plastiki. Bosi alikwenda huko. Mimi mwanamke nilipitishwa ndani, chumba cha Hajati, kwa sababu yeye alikuwa ndani ya eda na hakutakiwa kutoka mbele ya wanaume. Alikaa chini kwenye godoro, amevaa nguo iliyofubaa, bila miwani, bila pete. Alionekana amekuwa mdogo, si yule wa dukani. Nilipiga magoti, nikamshika mikono, nikasema pole. Alinivuta nikakaa kando yake, bega kwa bega. Kati yetu na ua palikuwa na pazia tu, na pazia lenyewe lilikuwa la dukani kwake, niliwahi kulitangaza.

Tukasikia kila kitu. Kaka mkubwa alisema kwanza. Naye alikuwa askari mstaafu, na alisema kama anatoa ripoti.

"Maiti ya ndugu yetu iko ndani ya nyumba. Watu iko lia. Halafu duka yake iko tangaza harusi. Sisi hapana taka vita. Sisi nataka jua tu, nani alifanya?"

Bosi akafungua bahasha. Nilisikia karatasi ikikunjuliwa. Akaisoma taratibu, kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili. Ombi la idhini, saa nne na dakika tisa asubuhi, na jina langu. Idhini imetolewa, saa nne na dakika kumi na nne, na jina la Hajati. Tangazo limechapishwa na foleni, saa sita na nusu. Foleni imesimamishwa, saa saba na dakika kumi na moja, na jina langu.

"Binti yetu huyu aliyeko ndani," bosi alisema, "aliposikia msiba tu, alikimbia kusimamisha. Bila yeye yangetoka mengine matatu. Sisi hatuwezi kutoa kitu bila mteja kubonyeza. Na mama huyu si mtu wa kubonyeza ovyo. Mara nyingi huwa anarudisha. Ni mteja wetu makini kuliko wote."

Kisha sauti ya mwanamume mwingine: "Kwa hiyo saa nne asubuhi, ndugu yetu amelala pale, yeye alikuwa na simu."

"Karatasi ndiyo inavyosema," bosi alijibu, kwa masikitiko, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. Hakuwa anadanganya. Uongo wote ulikuwa wangu, yeye aliupiga chapa tu.

Pazia likafunguka kidogo. Wifi mmoja mzee akaingia, akachuchumaa mbele ya Hajati. "Wanauliza," alisema. "Wewe ndiyo ulishika simu ile saa?"

Hajati aligeuka akanitazama mimi. Hakunikazia macho, hakunitisha. Alinitazama tu na kungoja, kama alivyokuwa akingoja nimalize kumsomea andiko ili aseme ndiyo au hapana. Nilihitaji maneno matatu: Ni mimi niliyebonyeza. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nyuma ya maneno hayo niliona kiti changu cha Arua, kiti cha kwanza maishani mwangu chenye magurudumu, nikaona bosi akisoma kumbukumbu zote za nyuma na kuelewa nani alikuwa akirudisha mapazia. Nikainamisha uso, nikaanza kulia. Watu wakaona binti ana huruma.

"Kama karatasi inasema ni mimi," Hajati alisema, "ambia wao ni mimi."

Wifi akatoka. Bega la Hajati halikuondoka kwenye bega langu. Laiti lingeondoka.

Waungwana hawakupiga kelele. Walisema tu kwamba mjane yuko ndani ya eda, na kwa yaliyotokea si vizuri aguse biashara, kwa hiyo funguo za duka zitakaa kwa kaka mkubwa mpaka eda iishe. Leseni ya duka ilikuwa na jina la marehemu, na duka lilianza kwa kiinua mgongo chake, ingawa kila mtu Koboko alijua ni nani aliyelisimamisha. Kabla ya siku ile, hata huyo kaka hakuwa na neno la kumwambia Hajati kuhusu duka. Tulimpa neno. Nililiandika mimi, nikaliidhinisha mimi.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Koboko na kurudi, na haijaisha hadi leo.

Baada ya wiki tano nilimpigia simu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliomba radhi, nikasema ni mimi, nilisahau simu ya Ijumaa, nilifanya haraka, niliogopa, nililia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "sasa unaambia mimi? Mimi iko najua tangu ile siku. Wale watu ndiyo hapana jua."

"Kwa nini hukusema, Hajati?"

"Mimi niseme nini? Mimi niko na mdomo, wao iko na karatasi. Ile siku mutu ya kupasua karatasi alikuwa mmoja tu. Mimi nilingojea yeye." Kisha akaniaga. "Lala salama." Ilikuwa saa tano asubuhi.

Niliandika barua kwa yule kaka. Niliiandika vizuri, na hadi leo iko kwenye droo ya nyumbani, kwa sababu kila nilipotaka kuituma nilijiambia kwanza imalizike eda. Eda ikaisha, miezi minne na siku kumi. Funguo hazikurudi. Nikajiambia sasa itasaidia nini. Mwoga hana haja ya mlinzi wa kumzuia.

Mwezi huohuo bosi aliniita. Alisema amenitazama tangu lile suala la Koboko, jinsi nilivyokimbia kusimamisha foleni, jinsi nilivyotulia kule kwenye matanga bila kubishana na mtu. Kampuni inakua. Alihitaji msimamizi wa pili. Akafungua mfumo mbele yangu, akalitafuta jina langu, akabadilisha cheo. Nikatoka pale nikiwa na uwezo wa kuingia vyumba vyote kumi na moja, kumweka na kumtoa yeyote.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tayari kwenye meza, kwenye karatasi ya njano yenye mwandiko wake. Koboko: mtoe mama, muweke shemeji. Mwidhinishaji.

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Niliingia chumba cha Koboko. Foleni ilikuwa bado imesimama tangu saa saba na dakika kumi na moja ya siku ile, na maandiko matatu yamo ndani, yakingoja, yote yenye idhini ya Hajati. Niliyafuta moja moja. Kisha nikaenda kwenye orodha ya watu. Mfumo uliniuliza kama nina hakika nataka kumwondoa mtumiaji huyu, kwamba hataweza tena kuona chumba hiki wala kuidhinisha. Nikabonyeza ndiyo. Nilipofungua kumbukumbu nikakuta mstari mpya juu kabisa: Hajati ameondolewa, saa nne na dakika ishirini, na jina langu. Tangu nilipoacha kumpigia simu za Ijumaa, ulikuwa mstari wa kwanza wenye jina la Hajati uliosema kweli.

Siku hizi Hajati anauza vitenge barazani kwake, vichache, juu ya meza. Nimesikia kwa watu. Mimi Koboko sishuki.

Yule kaka nilimfundisha kwa simu, nikamfungulia barua pepe, na neno la siri akalitunga mwenyewe. Ijumaa ya kwanza maandiko yake matano yalikaa bila kuguswa. Mchana akapiga.

"Binti," alisema, "mimi hapana soma hii vitu. Macho iko kataa. Bonyeza wewe kwa jina yangu."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia aliyeandika hawezi kujiidhinisha, ndiyo sheria, na kila kitu kinaandikwa. Nilizungumza kwa upole na kwa uhakika, kama mtu aliyezaliwa na sheria hiyo mkononi.

Akacheka kwa kuridhika. "Hiyo ndiyo mzuri," alisema. "Wewe iko mutu ya kuamini. Yule mama, kama alikuwa na mutu kama wewe, hii maneno yote hapana tokea."

Nilimshukuru, nikamsubiri akate simu kwanza.